Taa Inawaka, Maji Je?

Wenye nyumba wengi waliochimba visima pembezoni mwa Dar es Salaam huifikia taa hii kwa njia ileile. Maji yametoka, yanaonekana safi, chumvi si nyingi, na familia imeshaanza kuyanywa. Kisha majibu ya maabara yanakuja na kusema yana bakteria wa E. koli, wale wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama. Hao hawazaliwi ardhini. Wakionekana kisimani, mahali fulani maji ya choo cha shimo au ya karo yamepata njia ya kufika huko. Kuchemsha ndoo baada ya ndoo kunakula gesi, harufu ya klorini watoto hawaitaki, na hapo muuzaji wa vifaa vya maji anatoa kisilinda cha chuma kisichoshika kutu, chenye urefu wa mkono, na kusema: funga hiki, washa, kunywa.

Kifaa chenyewe kinafanya kazi kweli, na mimi ni miongoni mwa wanaokipenda kwa visima vya majumbani. Hakibadilishi ladha ya maji, hakiongezi dawa yoyote, na kinawamudu hata wadudu ambao klorini imeshindwa nao. Mwaka 1993, katika mji wa Milwaukee huko Marekani, kimelea kiitwacho kriptosporidi kilipita kwenye mtambo wa maji uliokuwa ukitiwa klorini na kuugusa mji mzima. Walioumwa tumbo walikadiriwa kuwa zaidi ya laki nne. Kimelea hichohicho hunyamazishwa na dozi ndogo tu ya mionzi ya urujuanimno, ambayo mafundi wetu huiita mionzi ya yuvii. Tatizo la kifaa ni kwamba kinaweza kuwaka vizuri, kikatoa mwanga wa bluu unaopendeza, na kisifanye kazi hata kidogo.

Ndani ya kile kisilinda kuna taa nyembamba ya mvuke wa zebaki. Taa haigusi maji; imevalishwa bomba la kioo cha kwatsi, kwa kuwa kioo cha kawaida cha dirishani huizuia mionzi hiyo isipite. Maji huingia upande mmoja, hupita kwenye nafasi ya sentimita chache iliyopo kati ya bomba la kioo na ukuta wa chuma, na kutokea upande wa pili. Mionzi inayofanya kazi ina urefu wa wimbi wa nanometa 254, na jicho la binadamu haliioni. Ikimpata bakteria hupenya hadi kwenye vinasaba vyake na kuvigandamanisha visivyopaswa kushikana, naye akashindwa kuzaliana. Mdudu asiyeweza kuzaliana tumboni hawezi kukuugua. Ule mwanga wa bluu tunaouona kwenye kitundu cha kuchungulia ni mwanga mwingine unaotoka sambamba, na uwepo wake unakuhakikishia jambo moja tu, kwamba umeme unafika kwenye taa.

Kinachoamua ni dozi, yaani nguvu ya mionzi ikizidishwa kwa muda ambao maji yanakaa mbele yake. Hupimwa kwa milijuli kwa kila sentimita ya mraba. Kipimo kinachokubalika na wengi kwa maji yasiyojulikana usalama wake ni 40. E. koli huangushwa karibu wote kwa dozi isiyofika 10, lakini virusi vya rota vinavyoharisha watoto wachanga vinahitaji karibu 40 ili vipungue kwa kiwango hichohicho, na jamii ya adenovirusi huhitaji dozi kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Tofauti hiyo ina maana nzito kwa mwenye kisima. Mtambo uliodhoofika unaweza kuendelea kuua E. koli wote, maabara ikakupa majibu ya sifuri, huku virusi vikipita kwenda kwenye bilauri.

Basi tuchukue nyumba moja ya mfano ya watu sita tuifuatilie. Kisima kina kina cha mita 60, pampu inapandisha maji kwenye simtanki la lita 5,000 juu ya mnara, na kutoka hapo pampu ndogo ya kuongeza presha inayasukuma kuingia ndani. Nyumba inatumia lita 800 kwa siku. Maabara imesema kuna E. koli, na pia kuna chuma miligramu 0.9 kwa lita. Mwenye nyumba ameusoma mstari wa kwanza akauruka wa pili, maana chuma hakiumizi mtu. Amenunua mtambo ulioandikwa 6 GPM, yaani galoni sita za Kimarekani kwa dakika, ambazo ni takriban lita 23. Fundi ameufunga kwenye bomba kuu, mara tu baada ya pampu ya presha, bila filta yoyote.

Chuma hicho alichokiruka ndicho kitakachoiharibu kazi yote. Maji ya kisima yanapotoka chini huwa hayajakutana na hewa, na chuma kilichomo kimeyeyuka kabisa, hakionekani. Mwaga maji hayo kwenye ndoo nyeupe, yaache usiku kucha, na asubuhi utaona rangi ya udongo mwekundu imejitenga chini. Dalili nyingine iko jikoni na kwenye kamba ya nguo: chai ya rangi inayogeuka nyeusi kupita kawaida, na mashuka meupe yanayopata manjano. Ile kutu ikijitengeneza ndani ya mtambo, hutafuta mahali pa kushika, na mahali penyewe ni lile bomba la kioo, kwa sababu lina joto la taa. Maji magumu hufanya vivyo hivyo. Chokaa iliyoyeyuka huganda kwenye kitu cha moto, kama inavyoganda chini ya birika. Kwa kiwango cha nyumba yetu, chuma kinachopita kwa mwaka ni zaidi ya robo kilo. Kinachohitajika ili kuifumba taa ni utando mwembamba tu usiozidi unene wa karatasi.

Hata kabla utando haujajenga, chuma, rangi ya majani yaliyooza na uchafu mwingine uliomo majini hunywa mionzi njiani. Maabara yenye mashine ya kupima mwanga inaweza kukupa kipimo cha upenyevu: ni asilimia ngapi ya mionzi ya nanometa 254 inayovuka sentimita moja ya maji yako. Maji mazuri ya kisima hufika asilimia 95. Maji ya nyumba yetu, tuseme, ni asilimia 80. Mtu anaweza kuona tofauti hiyo ni ndogo, lakini hasara hujirudia kila sentimita. Kama ukuta wa silinda uko sentimita 3 kutoka kwenye kioo, kwa maji ya asilimia 95 mionzi inayofika ukutani ni asilimia 86. Kwa maji ya asilimia 80 inayofika ni 51 tu. Na maji yanayopita ukingoni kabisa mwa ukuta ndiyo yanayopata kidogo kuliko yote, nayo yataingia bombani pamoja na mengine.

Kisha kuna chembe. Punje ya mchanga mwembamba au ya kutu ni kubwa mara nyingi kuliko bakteria, na bakteria anayesafiri upande wake wa nyuma amekaa kwenye kivuli. Mionzi haizunguki kona. Ndiyo maana watengenezaji wanaojiheshimu huandika wazi kwamba maji yanayoingia lazima yawe yamepita kwenye filta ya mikroni 5, yasiwe na ukungu, chuma kisizidi miligramu 0.3 kwa lita, manganizi isizidi 0.05, na ugumu usizidi takriban 120. Maandishi hayo hukaa ndani ya kijitabu ambacho fundi hukitupa pamoja na boksi.

Lakini kuongeza filta ya mikroni 5 peke yake hakutaiokoa nyumba yetu. Chuma kilichoyeyuka hupita kwenye filta hiyo kama kinavyopita chumvi, kisha hugeuka kutu baada ya filta, pale pale kwenye kioo. Kwanza kinatakiwa kigeuzwe, ndipo kichujwe. Kwa bahati simtanki lipo tayari, na linaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi. Bomba linaloleta maji kutoka kisimani lisiishie kwa mdomo mmoja ndani ya tanki, bali litobolewe matundu madogo mengi ili maji yaanguke kama mvua kutoka juu. Hewa inakutana na kila tone, chuma kinageuka kutu, na kutu inashuka chini. Pampu ya kisima iwashwe jioni ili maji yatulie usiku. Bomba la kutolea maji liwe juu ya sakafu ya tanki kwa sentimita 15 hivi, na chini kabisa kuwe na koki ya kumwagia tope, ifunguliwe kila baada ya wiki chache. Njia hii inaenda vizuri kama maji hayana asidi. Yakiwa na pH iliyo chini ya 7, chuma huchelewa sana kugeuka, na hapo itabidi kununua tanki la filta lenye mchanga maalumu uliopakwa manganizi.

Baada ya tanki zifuatane filta mbili, ya mikroni 20 kwanza ili ibebe mzigo mkubwa, halafu ya mikroni 5. Anayetaka filta ya mkaa kwa ajili ya ladha aiweke hapo hapo, kabla ya taa, kwa sababu bakteria hupenda kuzaliana ndani ya mkaa. Taa iwe ya mwisho, na baada yake bomba liende moja kwa moja kwenye koki ya kunywa. Nimeona nyumba ambazo taa imefungwa chini, maji yakapita kwenye mionzi kisha yakapandishwa kwenye tanki la juu. Mionzi haiachi kinga yoyote ndani ya maji kama inavyofanya klorini. Mjusi mmoja au vumbi la paa likiingia tankini, kazi imeanza upya na hakuna kitu mbele ya kuifanya.

Sasa kasi ya maji. Kwa kuwa dozi ni nguvu mara muda, maji yakipita kwa kasi maradufu hupata nusu ya dozi. Kujua kasi ya kwako huhitaji mashine. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Katika nyumba yetu, pampu ya presha ikiwa inafanya kazi na bomba likiwa wazi, ndoo inajaa kwa sekunde 32. Hiyo ni lita 37.5 kwa dakika, wakati mtambo umetengenezwa kwa lita 23. Kama mtengenezaji aliahidi dozi ya 40 kwa kasi aliyoiandika, nyumba yetu inapata 24. Ongeza upenyevu duni tuliouona, na maji ya ukingoni yanaondoka na kitu kama 14 au 15, taa ikiwa mpya na kioo kikiwa safi. E. koli watakufa kwa dozi hiyo. Virusi vya rota havitakufa vyote.

Hapo nilisema kama mtengenezaji aliahidi 40, kwa sababu si wote wanaoahidi hivyo. Mitambo mingi ya bei nafuu huandika GPM kubwa juu ya boksi na dozi ndogo ndani, 16 kwa mfano, au haiandiki dozi kabisa. Kiwango cha 16 kimekusudiwa maji ambayo tayari ni salama. Mtambo wa galoni 6 kwa dozi ya 16, ukiutaka utoe 40, unabaki kuwa mtambo wa galoni 2.4, yaani lita 9 hivi kwa dakika. Muulize muuzaji swali hilo moja: hizo galoni ni kwa dozi gani, na kwa maji ya upenyevu gani? Asiyeweza kukuonyesha jibu kwenye karatasi, rudisha boksi lake kwenye rafu.

Tiba niipendayo ni kuacha kutibu nyumba nzima. Choo, bustani na mashine ya kufulia havihitaji maji ya dozi 40. Katika nyumba yetu, fundi alichukua tawi moja tu la bomba linaloenda jikoni na kwenye sinki la kupigia mswaki, akaweka filta na taa hapo, na kabla ya taa akaweka kizuia kasi, kipande kidogo cha plastiki chenye tundu linalokaza presha ikipanda. Ndoo ya jikoni sasa inajaa kwa dakika mbili na nusu, lita 8 kwa dakika, ambazo kwa sufuria na jagi zinatosha kabisa. Mtambo uleule uliokuwa ukishindwa sasa una nafasi ya kupumua hata upenyevu ukishuka siku za mvua. Asipatikane mwenye kizuia kasi, koki ya kawaida iliyofungwa nusu hufaa, mradi mkono wake ung'olewe baada ya kupima, vinginevyo mtu ataifungua siku ya sherehe.

Umri wa taa ndio unaowapotosha wengi. Watengenezaji wengi huandika saa 9,000, na mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo taa hubadilishwa kila mwaka. Taa hiyo haifi kama balbu ya sebuleni. Kioo chake hupata weusi taratibu kutoka ndani, mionzi ya nanometa 254 ikapungua mwezi baada ya mwezi, na ule mwanga wa bluu ukaendelea vilevile kwa miaka miwili au mitatu. Mitambo ya bei ya juu ina kitambuzi kinachopima mionzi yenyewe na kupiga kelele ikishuka. Ya kawaida ina saa ya kuhesabu siku 365 kwenye balasti, na ya chini haina chochote. Hapo andika tarehe kwa kalamu isiyofutika kwenye utepe, ubandike juu ya silinda.

Wapo wanaozima taa usiku ili idumu na kupunguza yuniti za LUKU. Taa ya wati 25 ikiwaka saa zote inakula yuniti 18 hivi kwa mwezi, na kuzima hakuokoi umri wake, maana kila kuwashwa hula nyuzi zilizo kwenye ncha za taa. Kubaya zaidi, taa huhitaji dakika moja au mbili kupata nguvu yake, na maji yaliyopita kabla ya hapo hayakutibiwa. Iachwe iwake. Maji yaliyolala ndani ya silinda asubuhi yatakuwa na uvuguvugu; yamwage kidogo, hayana ubaya.

Umeme ukikatika ni habari nyingine, na kwetu haikwepeki. Tanki liko mnarani, kwa hiyo maji yanaendelea kushuka bomba hata taa ikiwa imezimika, na mtoto anayechota jikoni hana namna ya kujua. Kuna vali ya umeme inayobaki imefunguka wakati umeme upo na kujifunga yenyewe ukikatika. Ningeifunga hiyo kabla ya kufikiria taa kubwa zaidi. Wenye inveta wanaweza kuiunganisha taa humo, kwa kuwa wati 25 ni mzigo mdogo, na inveta huikinga balasti dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, ambao huziua balasti nyingi kabla ya wakati wake.

Siku ya kubadilisha taa, kazi ni ya saa moja. Chomoa umeme, funga maji, fungua koki ya jikoni presha iishe. Vuta taa kwa kushika ncha zake, kwa glovu au kitambaa safi, kwani mafuta ya vidole huungua juu ya kioo na kuacha doa. Toa bomba la kwatsi uliangalie kwenye mwanga: likiwa na ukungu mweupe ni chokaa, likiwa na wekundu ni chuma, na vyote viwili huondoka kwa siki au maji ya ndimu na kitambaa laini. Usitumie stilwaya. Badilisha mipira ya kuzuia kuvuja, na taa mpya iwe ya namba ileile iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, sio tu ya urefu uleule. Kamwe usiiwashe taa ikiwa nje ya silinda. Mionzi hiyo huunguza macho ndani ya muda mfupi, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Ile ya zamani ina zebaki, isivunjwe jalalani. Kabla ya kufunga kila kitu, mimina klorini kidogo kwenye nyumba ya filta ya kwanza, fungua koki hadi harufu ifike, funga kwa nusu saa, kisha suuza. Mabomba yaliyo baada ya taa yana bakteria wa zamani, na mionzi haiwafuati huko.

Kama kisima kina madini yenye kudhuru, taa haiyagusi. Floridi ya Arusha, Kilimanjaro au Nakuru itapita ilivyo, chumvi ya pwani vivyo hivyo, na naitrati inayotokana na vyoo pia, ambayo kwa mtoto mchanga ni hatari ikizidi miligramu 50 kwa lita. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha maabara kiwe cha madini na bakteria kwa pamoja, kabla ya kununua chochote. Kipimo cha pili kifanyike wiki mbili baada ya kufunga mtambo, kwa chupa mbili zilizochukuliwa siku moja: moja kabla ya taa na moja kwenye koki ya jikoni iliyofutwa kwa spiriti na kuachwa itiririke dakika mbili. Chupa ya kwanza ikiwa na E. koli na ya pili ikiwa haina, taa inafanya kazi. Zote mbili zikiwa hazina, hujapima taa. Rudia baada ya mvua kubwa, wakati kisima kinapopokea uchafu zaidi.